Mwalimu amefariki, vipindi vyake atafundisha nani?

Mwalimu wa Hisabati wa shule moja ya msingi ya binafsi mjini Morogoro alifariki Jumanne usiku. Alfajiri mwalimu mkuu aliwapigia simu walimu wote, mmoja mmoja, kabla ya kuandika chochote kwenye kundi la WhatsApp. Alifanya vizuri. Aliyekaa meza moja na marehemu hakustahili kuusoma msiba huo akiwa ndani ya daladala.

Mazishi yalikuwa Njombe. Nani aende? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo yenye malipo ya angalau siku 4, katika mzunguko wa miezi 36, kwa aliyefiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mfanyakazi mwenzako hayumo. Kwa hiyo ruhusa hiyo ni hiari ya mwajiri, na ni vyema iandikwe: nani anakwenda, anarudi lini, na kwamba siku hizo hazikatwi kwenye mshahara wala likizo ya mwaka. Walikwenda watano na rambirambi. Waliobaki waliunganisha madarasa hadi Ijumaa.

Ugumu ulianza matanga yalipokwisha. Vipindi 18 vya marehemu alipewa rafiki yake, kwa kuwa naye anafundisha Hisabati. Vyake vilikuwa 20. Jumla 38, katika wiki yenye vipindi 40.

"Ni rafiki yangu, ningekataaje?" aliniambia.

Hakulalamika, na hapo ndipo wakuu wengi hudanganyika. Wazazi ndio walioanza kuona: madaftari yalirudi nyumbani bila kusahihishwa. Wiki ya tatu alimfokea mtoto hadi akalia, jambo ambalo si kawaida yake.

Mwalimu mkuu akapangua ratiba. Rafiki alibaki na vipindi 6 vya darasa la saba, kwa sababu ya mtihani wa taifa. Darasa la tano, vipindi 6, akalichukua mwenyewe. Darasa la tatu likaenda kwa mwalimu wa darasa. Kikao cha kila Jumatatu kikasimama, na tarehe ya mwisho ya mpango huo ikaandikwa: siku mwalimu mpya atakapoanza. Mzigo usio na tarehe huwa wa kudumu.

Familia nayo ilihitaji mtu mmoja wa kumwuliza ofisini. Mhasibu alishika kazi hiyo: mshahara uliobaki, madai ya NSSF, na kuwakumbusha ndugu kwamba watahitaji cheti cha kifo kutoka RITA. Vitu vya mezani viliorodheshwa na walimu wawili, mdogo wake marehemu akavipokea kwa sahihi.

Namba yake bado imo kwenye kundi la walimu. Mkuu aliuliza kama aitoe, wengi wakasema, iache kwanza.