Mwalimu Anapoaga: Shukrani, Kicheko na Buriani

Siku mwalimu anapoagwa shuleni, wasikilizaji wake huwa wa namna mbili, nao hukaa katika uwanja mmoja. Upande mmoja wamo walimu wenzake na wazazi, watu wazima ambao wangependa kusikia habari za miaka mingi. Upande wa pili wamo wanafunzi, ambao hawakuwapo miaka hiyo, na ambao wengi wao wamesimama juani. Hotuba inayowatosheleza wakubwa peke yao huwachosha watoto, na inayowachekesha watoto peke yao huwaacha wakubwa na kiu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu anayestaafu ni kuchagua mambo machache yanayoeleweka na pande zote mbili.

Chukuliwe mfano wa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi iliyomo ndani ya kambi ya polisi nchini Uganda. Alizaliwa mwaka 1964, akaanza kufundisha mwaka 1986, na mwaka 2024 alitimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa serikali nchini humo hulazimika kustaafu. Miaka 38 haiwezi kusimuliwa katika dakika kumi. Akijaribu kuisimulia mwaka hata mwaka, atakuwa bado yumo katika mwaka wa tano watoto wakianza kusukumana.

SHUKRANI

Kosa lionekanalo mara nyingi katika hotuba za kuaga ni orodha ya majina. Mwalimu huanza na mkuu wa kambi, akaendelea na mwalimu mkuu, kamati ya shule, wazazi, na kadhalika. Kila atajwaye hupata neno lile lile la asante, na asiyetajwa huondoka na kinyongo. Afadhali mwalimu awashukuru wote kwa sentensi moja, kisha awachague watu wawili au watatu, na kila mmoja amshukuru kwa tendo alilolitenda.

Mwalimu wa mfano wetu anaweza kusema hivi: “Nilipougua, mwenzangu wa darasa la tatu alifundisha vipindi vyangu kwa wiki sita pamoja na vyake. Niliporudi nilikuta madaftari yote yamesahihishwa. Hakudai nimrudishie hata kipindi kimoja.” Maneno hayo hayazidi nusu dakika, lakini mwenzake atayakumbuka, na walimu vijana watajifunza namna walimu wanavyobebana.

Mtumishi asiye mwalimu asisahauliwe. Mpishi wa uji, mlinzi wa lango na mpiga kengele wameiona shule ikifunguliwa kila asubuhi kabla ya mwalimu yeyote kufika.

KUMBUKUMBU

Katika kumbukumbu, jambo moja lenye picha hushinda mambo kumi yasiyo na picha. Mwalimu huyu anayo mengi ya kuchagua. Mwaka 1997, Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo ya karo, watoto walimiminika shuleni mpaka madarasa yakafurika, na shule nyingi zikafundisha chini ya miti. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2022.

Lakini kwa watoto wa kambini kuna jambo lililo karibu zaidi, nalo ni uhamisho wa wazazi. Baba au mama hupokea amri, vitu hupakiwa ndani ya lori, na kesho yake kiti darasani ni kitupu. Mwalimu anaweza kueleza kwamba kila mtoto alipohama katikati ya muhula, yeye alimwandikia karatasi moja yenye mada zilizokwisha kufundishwa, ili mwalimu wa kule aendako ajue pa kuanzia. “Nilipokosa muda wa kuiandika karatasi hiyo,” aweza kuongeza, “niliandika jina la mtoto ndani ya daftari langu, nikawa najiuliza ameanzia wapi.” Hapo kila mtoto aliyewahi kuhama atajua kwamba anazungumziwa yeye.

KICHEKO

Kicheko kinafaa, ila kimwangukie mwalimu mwenyewe. Mzaha juu ya mwanafunzi aliyekuwa mzito wa kuelewa unaweza kumfikia mtu mzima aliyeketi pale pale na watoto wake.

Mwezi Mei 1987 serikali ya Uganda ilibadili fedha, na shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Sifuri mbili zikatoweka kwa siku moja. Mwalimu wa hesabu hawezi kuliacha jambo kama hilo lipite bure: “Juma hilo nilimpa mwanafunzi mmoja sifuri katika jaribio. Akanijia akaniambia, ‘Mwalimu, Serikali imefuta sifuri mbili za nchi nzima, wewe washindwa kuifuta hii yangu moja?’ Nilitafuta jibu usiku kucha, na mpaka leo sijalipata.” Watoto watacheka kwa kuwa mwenzao alishinda, na wakubwa watacheka kwa kuwa wanaikumbuka fedha ile.

BURIANI

Upo mzaha mmoja ambao husikika karibu katika kila hafla ya namna hii, nao ni wa kiboko: “Nilimchapa huyu, tazameni leo ni sajenti!” Watu hucheka, na sajenti hucheka pamoja nao. Hata hivyo, sheria ya watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na watoto waliosimama uwanjani husikia kwamba mwalimu wao anakisifu kile kilichokatazwa.

Kiswahili kimeweka tayari njia iliyo bora. Neno buriani, ambalo siku hizi hutumika kama kwaheri tu, kwa asili ni kuombana radhi kwa watu wanaotengana, ili asibaki mmoja na deni la mwenzake moyoni. Mwalimu anaweza kulirudishia neno hilo kazi yake: “Wapo hapa niliowachapa kwa kutojua somo ambalo mimi sikulieleza vema. Nawaombeni buriani.”

Baada ya maneno hayo anyamaze kidogo. Asimsimamishe mtu yeyote, asitaje jina, wala asijitetee kwamba nyakati zile ndivyo ilivyokuwa. Utetezi hulifuta ombi. Mwenye kujibu ni mkubwa wa hafla au mwanafunzi wa zamani kwa niaba ya wenzake, na “tumekuwia radhi” ni jibu la kutosha. Ikiwa hakuna ajibuye, mwalimu asililazimishe jibu. Huenda yupo ambaye jeraha lake halijapona, naye ana haki ya kukaa kimya.

Malalamiko ya mshahara uliochelewa, cheo kilichopewa mwingine au pensheni isiyofika yasiingie katika hotuba. Hayo yana barua yake na ofisi yake, na mwanafunzi wa darasa la pili hana uwezo wa kuyatengeneza.

Siku mbili kabla ya hafla, mwalimu asome hotuba yake kwa sauti nyumbani, saa ikiwa mbele yake, na mtu wa nyumbani amsikilize. Mahali sauti inapokwama kwa machozi pawekewe alama, na sentensi ya pale ifupishwe. Hotuba ikiisha, amkabidhi mwalimu anayechukua darasa lake daftari la alama, amwonyeshe majina ya watoto ambao bado hawajaelewa sehemu, kisha aketi pamoja na wenzake.