Kibonde Hukatwa Zaidi

Tuchukue mechi moja. Kampuni ya kubeti imeipa timu kubwa odi ya 1.25, sare 6.00 na kibonde 10.00. Ukigawanya 1 kwa kila odi unapata asilimia 80, 16.7 na 10, ambazo jumla yake ni 106.7. Uwezekano wa matokeo yote ya mechi hauwezi kupita asilimia 100, kwa hiyo hizo 6.7 za juu ni makato ya kampuni.

Njia nyepesi ya kuyaondoa ni kugawanya kila namba kwa hiyo jumla. Timu kubwa inabaki na asilimia 75, sare 15.6, kibonde 9.4. Hesabu hii inachukulia kwamba wote wamekatwa kwa kiwango kimoja, na hapo ndipo inapokosea.

Tangu mwaka 1949, Mmarekani Richard Griffith alipochunguza mbio za farasi, imeonekana mara nyingi kwamba wasiopewa nafasi hushinda mara chache kuliko odi zao zinavyodai. Watu wanapenda dau dogo lenye malipo makubwa, na odi ya kibonde ikishushwa kutoka 12 hadi 10 wachache watalalamika. Kampuni nayo inajikinga: ikikosea kwa asilimia moja tu juu ya kibonde, hasara huzidishwa na odi kubwa.

Ndiyo maana wapo wanaotumia njia ya kipeo. Andika 0.80, 0.167 na 0.10, kisha uzipandishe zote kwa kipeo kimoja, ukikirekebisha hadi jumla iwe 1. Hapa kipeo ni takriban 1.102, na matokeo ni asilimia 78.2, 13.9 na 7.9. Kwa makadirio haya, kila shilingi 1,000 unayoweka kwa timu kubwa inapoteza wastani wa shilingi 22 hivi. Ukiiweka kwa kibonde, inapoteza takriban 209.

Kipeo nacho ni dhana tu. Katika mbio za farasi za Hong Kong, watafiti hawakuukuta upendeleo huu wa kawaida. Kipimo cha kweli ni kukusanya mechi zenye odi zinazofanana na kuhesabu walioshinda. Lakini katika mechi 100, tofauti ya asilimia 7.9 na 9.4 ni kama ushindi mmoja au miwili, ambao bahati pekee inaweza kuuleta. Zinahitajika mechi maelfu.

Anayepanga mkeka azingatie kwamba makato huzidishana. Vibonde 3 wa odi ya 10.00 wakiwekwa pamoja, kwa makadirio ya kipeo, shilingi 1,000 hurudisha wastani usiofika 500. Malipo ya mara 1,000 yanayoonekana kwenye tiketi hayaifidii hasara hiyo.