Maji Yamekatika, Andika Tarehe

Mpangaji akimwambia mwenye nyumba tu kwamba "maji yamepotea siku nyingi", ni rahisi kujibiwa kwamba ni mgao. Kwa hiyo chunguza kwanza: jirani wa ploti ya pili akiwa na maji, huenda tatizo liko kwenye pampu, bili au valvu ya ploti yenu.

Tuseme mpangaji wa Nairobi ameandika kila siku, kisha anatuma ujumbe:

"Shikamoo Mzee. Maji yalikatika Jumatatu tarehe 3, saa moja asubuhi. Tarehe 4 nilimwambia keateka. Leo tarehe 6 bado, na ploti jirani wana maji. Nimenunua jerikeni sita, shilingi 180. Naomba yarudishwe kufikia kesho jioni, au unijulishe fundi anakuja lini."

Ujumbe huo hauna matusi, na simu yenyewe inahifadhi tarehe na saa ulipotumwa. Ukipiga simu, fuatisha ujumbe unaorudia mlichokubaliana.

Usikate hizo 180 kwenye kodi bila kukubaliana kwa maandishi. Zitahesabiwa deni lako. Akikaa kimya, peleka kumbukumbu hizo kwa chifu. Baraza la Kodi za Nyumba linahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kinachowaacha nje wapangaji wengi mno.