Neva Iliyotulia Hupata Wapi Umeme Wake?

Mwaka 1939, katika maabara ya viumbe vya bahari huko Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza mrija mwembamba wa kioo ndani ya uzi mmoja wa neva ya ngisi. Uzi huo ni mnene ajabu, karibu nusu milimita, na ndiyo sababu mnyama huyo alichaguliwa. Vipimo vyao vilionyesha kuwa, hata neva isipopitisha ujumbe wowote, upande wake wa ndani ni hasi ukilinganishwa na nje. Katika neva ya ngisi tofauti hiyo huwa kati ya milivolti 60 na 70.

Mwanafunzi akiulizwa chanzo cha umeme huo, mara nyingi hujibu kuwa ni pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo hutoa ayoni tatu za sodiamu kila inapoingiza mbili za potasiamu. Kwa kuwa chaji chanya moja zaidi hutoka, ndani hubaki hasi. Jibu hilo si uongo, lakini limeacha sehemu kubwa ya habari yenyewe.

Yafaa kuanza na hali ya maji yaliyo pande mbili za utando. Katika kila lita ya maji ya ndani ya neva ya ngisi mna takriban milimoli 400 za potasiamu, ilhali nje mna 20 tu. Sodiamu ni kinyume chake: ndani 50, nje 440. Utando wenyewe ni wa mafuta, na ayoni haziwezi kuupenya. Hata hivyo, umetobolewa na vitundu vidogo vya protini, na baadhi yake huwa wazi hata neva inapopumzika. Hivyo huitwa vitundu vya mvujo, na vilivyo vingi huruhusu potasiamu peke yake.

Basi potasiamu, iliyosongamana ndani, huvuja kwenda nje. Kila ayoni itokayo huondoka na chaji chanya, na nyingi za ayoni hasi zilizokuwa pamoja nayo haziwezi kuifuata. Kwa hiyo ndani huzidi kuwa hasi, na uhasi huo huanza kuivuta potasiamu irudi. Hatimaye mvuto wa umeme hulingana na msukumo wa msongamano. Kanuni ya Walther Nernst hutuwezesha kukadiria mahali pa ulinganifu huo: katika nyuzijoto 18 hivi za Selsiasi, 58 huzidishwa kwa logi ya uwiano wa misongamano. Hapa 400 kwa 20 ni 20. Logi yake ni 1.3, jawabu ni milivolti 75, ndani ikiwa hasi. Ili kufika hapo, hata ayoni moja katika kila milioni za potasiamu iliyomo haihitaji kutoka.

Mbona basi kipimo hakifiki 75? Ni kwa sababu sodiamu nayo huvuja kidogo kuingia ndani na kupunguza uhasi. Mvujo huo ni mdogo, lakini haukomi. Potasiamu nayo, kwa kuwa umeme hautoshi tena kuizuia kabisa, huendelea kutoka kidogo kidogo. Bila kurekebishwa, tofauti za misongamano zingefifia, na umeme ungefifia pamoja nazo. Hapo ndipo kazi kuu ya pampu inapoonekana, nayo huifanya kwa kutumia molekuli moja ya ATP katika kila mzunguko. Protini ya pampu hiyo iligunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, katika neva za kaa.

Kazi hizo mbili zinaweza kutenganishwa kwa sumu inayojulikana sana Afrika Mashariki. Mti wa msunguti, ambao Wakamba wametumia utomvu wake kutia sumu mishale, una uabaini, dawa inayonata kwenye pampu upande wa nje na kuizuia isifanye kazi. Kama pampu ndiyo ingekuwa chanzo cha moja kwa moja cha umeme wote, kuizuia kungeufuta mara moja. Sivyo inavyotokea. Neva ya ngisi ikitiwa uabaini, milivolti moja au mbili tu hupotea papo hapo, nazo ndizo mchango wa ile chaji moja ya ziada. Zilizobaki huendelea kuwapo, kwa kuwa potasiamu ingali imejaa ndani na vitundu vyake vingali wazi. Kisha, sodiamu inapoingia na potasiamu inapotoka pasipo kurudishwa, umeme hupungua polepole. Katika uzi mnene kama wa ngisi, wenye akiba kubwa ya ayoni, jambo hilo huchukua saa nyingi. Katika nyuzi nyembamba sana za neva huwa upesi zaidi.