Maswali Yasiyongoja Jibu: "Si" na "Kwani" katika Usomaji wa Biblia Darasani

Mwalimu wa somo la dini asomapo mbele ya darasa la tano barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 12, hufika mahali ambapo mwandishi anauliza kama watu wote ni mitume, kama wote ni manabii, kama wote ni walimu. Ikiwa atasoma, "Je, wote ni mitume?" kwa sauti ya kuuliza tu, wanafunzi wengine wataitikia "Ndiyo!" kwa moyo mmoja. Hawakukosa adabu wala akili. Swali walilosomewa halikuwaonyesha upande wa jibu, ilhali swali la Paulo liliuonyesha waziwazi. Makala haya yaeleza jinsi Kiyunani na Kiebrania zinavyouonyesha upande huo, na namna Kiswahili kinavyoweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Maswali ya namna hii huitwa maswali ya balagha. Anayeuliza hatafuti habari, bali anamtaka msikilizaji akiri jambo ambalo wote wawili wanalijua. Kwa hiyo kila swali la balagha lina jibu lake ndani, ama "ndivyo" ama "sivyo".

Kiyunani cha Agano Jipya kina maneno mawili ya kukanusha, nayo hutumika pia katika kuuliza. Swali likianza na "u" (au "uk" mbele ya irabu, na "ukhi" kwa mkazo), jibu linalotazamiwa ni "ndivyo". Likianza na "mee", jibu linalotazamiwa ni "sivyo". Katika sura ya 12, aya ya 29 na 30, Paulo anauliza maswali saba mfululizo, na kila moja linaanza na "mee". Msikilizaji wa Korintho hakuwa na shaka: si wote walio mitume. Lakini katika sura ya 9, aya ya 1, mtu huyo huyo anauliza maswali manne yanayoanza na "uk", "ukhi" na "u": kama yeye yu huru, kama ni mtume, kama amemwona Yesu, kama Wakorintho wenyewe ni kazi yake. Hapo kila jibu ni "ndivyo". Hati za kale kwa kawaida hazikuwa na alama ya kuuliza, hivyo maneno haya madogo yalimsaidia sana msomaji.

Kiebrania kina njia nyingine. Kiambishi "ha" mwanzoni mwa neno chatangaza kwamba linalofuata ni swali. Kikiungana na "lo", yaani neno la kukanusha, tunapata "halo", na swali la "halo" kwa kawaida hutazamia "ndivyo". Lakini "ha" peke yake haielemei upande wowote. Upande hujulikana kwa habari yenyewe. Mfano mzuri umo katika Mwanzo sura ya 4. Katika aya ya 7 Mungu anamwuliza Kaini kwa "halo": akitenda mema, uso wake hautainuka? Jibu ni kwamba utainuka. Katika aya ya 9 Mungu anauliza Habili yuko wapi, na Kaini anajibu kwa swali lenye "ha" tu: yeye ni mlinzi wa ndugu yake? Anataka tukubali kwamba siye. Wayahudi walioitafsiri Torati kwa Kiyunani huko Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, hapana budi walichagua upande. Swali la Mungu waliliandika kwa "uk", ingawa maneno mengine ya aya hiyo waliyageuza, na swali la Kaini wakaliandika kwa "mee".

Sasa tuje kwa Kiswahili. Neno "je" latuambia kwamba twaulizwa, basi. Halielemei upande, na kwa hiyo linafanana na "ha" ya Kiebrania kuliko "mee" ya Kiyunani. Mtu akidhani kwamba "je" yatosha kila mahali, maswali ya sura ya 9 na ya sura ya 12 yatasikika kuwa ya aina moja.

Kwa jibu la "ndivyo", wengi hukimbilia kukanusha kitenzi: "Sikumwona Yesu?" Hapa pana mtego. Katika Kiswahili, anayejibu swali la kukanusha kwa "ndiyo" mara nyingi huukubali ukanushi wenyewe. Mtoto akiulizwa, "Hujala?" hujibu, "Ndiyo, sijala." Vivyo hivyo, akisikia "Mimi si mtume?" anaweza kujibu, "Ndiyo, wewe si mtume," na hoja ya Paulo ikapinduka.

Lakini lugha yetu inayo njia safi zaidi, nayo yasikika kila siku nyumbani. Mama humwambia mtoto, "Si nilikuambia ufunge mlango?" Tazama kwamba "si" imetangulia, na kitenzi "nilikuambia" kimebaki katika hali ya kukubali. Hakuna mtoto anayedhani kwamba hakuambiwa. Basi "Si nimemwona Yesu?" yalingana vizuri na "ukhi" ya Paulo, na "Ukitenda mema, si uso wako utainuka?" yalingana na "halo".

Kwa jibu la "sivyo" tunalo neno "kwani" likitangulia sentensi ya kukubali: "Kwani mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?" Ukali wa Kaini unasikika mara moja. Vivyo hivyo, "Kwani wote ni mitume?" hakuna atakayeitikia "ndiyo". Hata hivyo neno hili lina hatari yake, kwa kuwa "kwani" ni pia kiunganishi chenye maana ya "kwa sababu". Msomaji asiyepandisha sauti mwishoni atawafanya wanafunzi wasikie kwamba Paulo anatoa sababu: kwa sababu wote ni mitume! Kwa hiyo mwalimu atue kabla ya "kwani", kisha aisome sentensi yote kwa sauti ya mshangao.

Pia si kila swali la namna ya "mee" lifaalo kuwekewa "kwani". Katika Yohana 4:29 mwanamke Msamaria anawaita watu wa mji na kuuliza, kwa neno "meeti", kama mtu aliyekutana naye ndiye Kristo. Akisema, "Kwani huyu ndiye Kristo?" atakuwa anakana, na watu hawangekuwa na sababu ya kwenda. Hapo neno limelegea na kuonyesha kusitasita. "Huenda huyu ndiye Kristo?" ni karibu zaidi na nia yake.

Kabla ya kipindi, mwalimu na ayageuze maswali ya sehemu atakayosoma yawe maelezo: "Si wote walio mitume", "Mimi ni mtume." Akishaona kama maelezo yamekuwa ya kukubali au ya kukana, ndipo achague "si" au "kwani", au aisome "je" iliyoandikwa kwa sauti inayofaa. Darasani asiridhike na "ndiyo" au "hapana", maana tumeona kwamba "ndiyo" ya Kiswahili yaweza kuelekea pande mbili. Mwanafunzi atoe sentensi kamili. Akisema, "Wewe ni mtume," amelisikia swali la sura ya 9; akisema, "Hapana, wengine ni walimu na wengine ni manabii," amelisikia swali la sura ya 12.