Stoma ya Utumbo Mwembamba: Linda Ngozi, Linda Maji ya Mwili

Homa ya matumbo isipotibiwa mapema huweza kutoboa utumbo mwembamba. Hapo mgonjwa hupasuliwa kwa dharura, na daktari akiona utumbo umevimba na tumbo limechafuka, huenda asiuunganishe siku hiyo. Huutoa nje kupitia ukuta wa tumbo, kwa kawaida upande wa kulia chini ya usawa wa kitovu, na kuushonea kwenye ngozi. Mdomo huo ndio stoma. Kinyesi hupitia hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa tumboni. Mara nyingi hali hii ni ya muda: utumbo ukipona hurudishwa ndani, pengine baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi.

Stoma yenye afya ni nyekundu au ya waridi, na ina unyevu kama ndani ya shavu. Ukiigusa haiumi. Ukiipangusa, matone machache ya damu yanaweza kutoka na kukoma yenyewe. Haina msuli wa kuzuia haja, kwa hiyo kinyesi hutoka wakati wowote, na kwa kuwa hakijafika kwenye utumbo mpana ambako maji hufyonzwa, huwa chepesi kiasi cha uji. Wepesi huo ndio chanzo cha shida mbili kubwa za mgonjwa huyu: ngozi kuungua na mwili kuishiwa maji.

Ngozi huungua kwa nini?

Kinyesi cha utumbo mwembamba bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula. Kikikaa juu ya ngozi huanza kuila, na baada ya saa chache tu ngozi inaweza kuwa nyekundu na kuwasha, kisha ikachubuka na kutoa majimaji. Kibandiko cha mfuko hakishiki kwenye ngozi yenye majimaji, kwa hiyo kinyesi huvuja zaidi na kidonda hupanuka.

Chukua mfano wa kijana aliyeruhusiwa kwenda nyumbani wiki moja baada ya upasuaji. Siku hiyo stoma yake ilikuwa na upana wa milimita 38, na muuguzi alimwonyesha jinsi ya kukata tundu la milimita 40 kwenye kibandiko. Mwezi mmoja baadaye analalamika kwamba ngozi inamchoma na mfuko unabanduka kila siku. Anadhani mifuko ni mibovu. Ukipima, unakuta stoma imenywea hadi milimita 30, lakini yeye bado anakata tundu la 40. Kila upande umebaki ukanda wa ngozi wa milimita tano usio na kinga, unaologa kinyesi usiku na mchana. Dawa yake ya kwanza ni kukata tundu la milimita 32 au 33.

Stoma hupungua uvimbe kwa wiki sita hadi nane baada ya upasuaji. Katika kipindi hicho ipime kila wiki, na tundu lizidi upana wake kwa milimita mbili au tatu tu. Tundu likibana sana nalo huumiza stoma.

Kubadilisha mfuko

Kumwaga na kubadilisha ni mambo mawili tofauti. Mfuko humwagwa chooni unapojaa theluthi moja, au usizidi nusu, kwa sababu uzito huvuta kibandiko. Hiyo inaweza kuwa mara nne hadi sita kwa siku, au zaidi. Kibandiko chenyewe hubadilishwa kila baada ya siku tatu au nne hivi, au mara moja ukihisi kinawasha au kuvuja. Usiongeze plasta juu ya kibandiko kinachovuja, maana utakuwa umefungia kinyesi juu ya ngozi.

Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kula, stoma ikiwa imetulia. Nawa mikono, kata tundu jipya, na uweke kila kitu karibu. Mwaga mfuko wa zamani, kisha bandua kibandiko taratibu kuanzia juu huku mkono mwingine ukishikilia ngozi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Usitumie spiriti, dawa za kuua vijidudu wala sabuni yenye mafuta. Kausha kwa kugusagusa, bila kusugua, na uitazame ngozi vizuri.

Ngozi ikiwa imechubuka, nyunyiza poda ya stoma kidogo na upanguse inayozidi. Usipake mafuta ya mgando chini ya kibandiko, kwani hakitashika. Pasha kibandiko joto kati ya viganja, kibandike kuanzia chini kwenda juu, kisha kikandamize kwa mkono dakika moja au mbili.

Mifuko maalumu ikikuishia, na ukalazimika kufunga kitambaa au mfuko wa kawaida, mambo hugeuka: hakuna kibandiko, kwa hiyo paka krimu ya zinki kwa unene kuzunguka stoma, na usafishe kila kinyesi kinapotoka.

Kula na kunywa

Kwa wiki sita za kwanza kula kidogo kidogo mara nyingi na utafune sana. Wali, ugali wa sembe, ndizi za kupikwa, viazi, mayai na samaki hufaa, na vyakula vya wanga husaidia kinyesi kiwe kizito. Mahindi ya kuchoma, bisi, karanga, miwa, uyoga na nyuzi za machungwa au nanasi huweza kuganda na kuziba njia. Viache kwanza, kisha jaribu kimoja kimoja kwa kiasi kidogo.

Pima kinachotoka kwa jagi. Nusu lita hadi lita moja kwa siku ni kawaida. Kikizidi lita moja na nusu, mwili unapoteza maji na chumvi. Kunywa maji matupu kwa wingi wakati huo hakusaidii, kwani huvuta chumvi zaidi hadi kwenye mfuko. Tumia ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, ukinywa kidogo kidogo. Ukiikosa, changanya vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja. Anayetaka kufunga Ramadhani aongee na daktari kwanza, maana kukaa mchana kutwa bila kunywa kunaweza kumdhuru.

Piga simu lini?

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, stoma ikigeuka zambarau iliyokoza au nyeusi, au damu ikitoka ndani yake bila kukoma. Fanya hivyo pia ukiona hakuna kinachotoka kwa saa nne hadi sita huku tumbo likisokota au kuvimba. Acha kula, na ukitapika usijaribu kunywa kwa nguvu. Stoma ikitokeza nje kuliko kawaida au ikizama ndani, usingoje.

Kinachotoka kikizidi lita moja na nusu, ukiwa na kizunguzungu, kiu kali au mkojo mchache wa rangi iliyokoza, anza ORS na upige simu mara moja. Ngozi iliyochubuka ambayo haijaanza kupona baada ya kurekebisha tundu na kubadilisha kibandiko mara mbili, mwonyeshe muuguzi. Kabla hujaondoka wodini, omba namba ya simu ya kliniki yako, kipimio cha stoma na mtu wa kukusimamia ubadilishe mfuko kwa mikono yako mwenyewe.