Khati: Ni Nini Kinachoupa Mstari Uzuri?



Ndugu wasomaji, tulipoandika bango la mahafali ya madrasa yetu hapa Kharumwa, mwanafunzi mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amechora alifu kwa rula, imenyooka barabara, lakini kila aliyepita alisema ile ya mwenzake, iliyoandikwa kwa mkono, ni nzuri zaidi. Kwa nini?

Jibu linaanzia kwenye kalamu. Kalamu ya khati hukatwa kutoka kwenye mwanzi au tete kavu, na ncha yake ni bapa, imekatwa mshazari. Ukiigandamiza karatasini kisha ukaivuta kidogo, inatoa nukta yenye umbo la mraba uliosimama kwa kona yake. Nukta hiyo ndiyo kipimo cha herufi zote. Utaratibu huu wa kupima unanasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 328 Hijria (940). Alipoanguka katika siasa alikatwa mkono wa kulia, na wapokezi wanasimulia kwamba aliendelea kuandika kwa kuifunga kalamu kwenye kigutu.

Tuchukue mfano. Kalamu yako ina upana wa milimita 4. Nukta yake, ikipimwa kutoka kona ya juu hadi ya chini, inakaribia milimita 6. Katika khati ya thuluthi alifu hupewa urefu wa nukta 7 hivi, yaani kama sentimita 4. Ukiichukua alifu hiyo kuwa kipenyo cha duara, tumbo la nuni ni kipande cha duara hilo hilo. Ndiyo maana herufi za ukurasa mmoja zinaonekana kama ndugu wa baba mmoja. Ukibadili kalamu, nukta inabadilika na herufi zote zinakua pamoja nayo.

Lakini yule mwanafunzi wa rula alikuwa na kipimo sahihi. Alichokosa ni mwendo. Alifu ya mwandishi haisimami kama nguzo ya umeme; inapinda kidogo sana, na unene wake unabadilika kwa sababu ncha bapa imeshikwa kwa pembe ile ile mkono ukishuka. Biro haiwezi kufanya hivyo, mstari wake una unene mmoja tu. Makosa nayo yanaonekana. Itazame kingo ya mstari kwenye mwanga: ikiwa na meno meno kama msumeno, mkono ulikwenda kwa woga. Unene ukibadilika ghafla katikati, kalamu ilizunguka vidoleni.

Wachina nao wameiweka khati juu kabisa katika sanaa zao, ila wao hutumia brashi laini ya manyoya. Hapa unene hautoki kwenye pembe, unatoka kwenye uzito wa mkono, na karatasi yao inanyonya wino mara moja, hakuna kufuta. Mstari wa kulala tu una kazi: ncha inarudi kidogo kushoto, inagandamizwa, inageuka kwenda kulia, halafu mwishoni inarudi nyuma tena kabla ya kuinuliwa. Asiyefanya hivyo mstari wake huishia kama mkia wa panya, nao husema hauna mfupa. Wang Xizhi, bingwa wao mkubwa, aliandika mwaka 353 dibaji maarufu ambayo ndani yake neno moja linarudi kama mara 20, na kila mara amelipa sura nyingine. Kwa mwalimu wa thuluthi hilo lingekuwa kosa! Kwetu sisi hii ndiyo tofauti kubwa: Mwarabu anautafuta uzuri katika uwiano unaorudi, Mchina katika pumzi ya mkono isiyorudi.

Waislamu wa China wamezikutanisha njia hizo mbili katika khati iitwayo Sini. Herufi ni za Kiarabu, lakini mistari inanenepa na kuchongoka kama ya brashi. Haji Noor Deen, mzaliwa wa Shandong, ameitangaza sana duniani.

Nasi Tanzania tunayo khati ya kale. Kwenye msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria (1107), yaliyochongwa kwenye jiwe kuzunguka mihrabu. Pale hakuna kalamu wala wino, ni patasi tu, na ncha za herufi zinachipua kama majani. Atakayejaaliwa kufika Unguja asizitazame herufi peke yake. Atazame pia nafasi tupu zilizobaki baina ya shina moja na jingine, maana fundi alizichonga hizo pia.

Yule mwanafunzi sasa ameiacha rula. Amekata tete lake, na kabla ya kuandika alifu anapanga nukta 7 pembeni. Zile za wiki ya kwanza zilikuwa na meno meno.